Ekari Mbili za Hati, Ekari Mbili za Shamba

Mteja anapopokea ripoti ya vipimo, macho yake huruka ramani, huruka maelezo na kutua kwenye nambari moja. Hati inasema hekta 0.81. Ripoti inasema hekta 0.748. Kabla hajasoma sentensi ya pili ameshajua kilichotokea: jirani amesogeza ua, au ndugu aliyegawa shamba alijipendelea, au savea amekula njama na mnunuzi.

Mimi ni mpima ardhi katika Kenya ya kati, huko kwenye migongo na mabonde ya Murang'a, Nyeri na Kiambu, na naijua hofu hiyo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya mita za mraba ambazo hazikuwahi kuwepo duniani, zilikuwepo kwenye karatasi tu. Kwa hiyo siku hizi, nikipata tofauti kubwa, sitoi ripoti pekee. Ninaandika barua. Hii hapa niliiandika kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akijiandaa kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Ameniruhusu kuichapisha, na nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha.

Kwako Mwalimu,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani. Umeniuliza swali moja, nami nitakujibu kwanza, kisha nieleze. Umeuliza: ardhi yangu imeenda wapi?

Hati yako inataja hekta 0.81, yaani mita za mraba 8,100, ambazo ni ekari mbili. Mimi nimepata mita za mraba 7,476. Zimepungua 624. Najua kwako hilo si jambo dogo, kwa maana ploti ya futi hamsini kwa mia haifiki hata mita 470. Lakini katika hizo 624, ardhi ya kweli, ile unayoweza kuikanyaga na kusema hapa palikuwa petu, ni mita 168 tu, nayo iko juu kwenye barabara. Zilizobaki hazikuchukuliwa na mtu. Hazikuwahi kuwa shambani. Ziliingia kwenye hati kupitia karatasi, na kipimo changu ndicho kilichozitoa.

Sasa nieleze nambari ya hati ilitoka wapi, maana bila hilo mengine hayatakuwa na mashiko.

Shamba la marehemu baba yako liliandikishwa wakati wa kukusanya mashamba, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo familia moja ilikuwa na vipande vingi vilivyotawanyika, kimoja mtoni, kimoja mgongoni, kingine kwa wakwe. Serikali ya kikoloni, chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, iliamua kuvikusanya na kumpa kila mtu shamba moja. Kazi ilikuwa kubwa na ilitakiwa kwenda mbio. Kama kila kona ya kila shamba ingepimwa kwa vifaa vya usahihi na kusimikwa jiwe, wajukuu wa wenye mashamba ndio wangepokea hati. Kwa hiyo njia nyingine ilichaguliwa. Mipaka iliwekwa alama ardhini, watu wakaambiwa wapande nyua, nayo ramani ikachorwa kwa kuchanganya picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na vipimo vya mnyororo. Ramani hiyo kazi yake ilikuwa kuonyesha shamba namba fulani liko wapi, limepakana na nani, lina umbo gani kwa jumla. Haikukusudiwa kumwambia mtu mpaka wake unapita sentimita ipi.

Sheria ilikubali hivyo waziwazi tangu Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeendelea nayo. Kifungu chake cha 18 kinasema kuwa pasipo na maandishi katika daftari kwamba mipaka ya shamba imethibitishwa rasmi, ramani inaonyesha mipaka na mahali pa shamba kwa kukadiria tu. Nimeliangalia daftari la shamba lako. Halina maandishi hayo. Ukiitazama hati yako, utaona pia kwamba hapo penye ukubwa wa shamba pametajwa kuwa ni makadirio. Kwa hiyo mpaka wako, Mwalimu, ni ule ua wa kayaba aliokuonyesha baba yako. Nambari ya hati inatokana na ua huo, na pale inapohitilafiana nao, ua ndio wenye nguvu.

Mwaka mliogawana shamba, wewe na ndugu zako watatu, ilijazwa fomu ya mgawanyo, ile ambayo watu wa ofisi za ardhi huiita mutesheni. Nimepata nakala yake. Shamba la baba lilikuwa limeandikwa ekari nane. Aliyejaza fomu alichukua ekari nane akazigawa kwa nne, kila mtu ekari mbili. Kwenye mchoro, kipande chako kimepewa upana wa mita 42.6 na urefu wa mita 190. Zidisha upate mita za mraba 8,094. Hiyo ndiyo 0.81 yako. Inatoka ofisini ikiwa imekamilika, na kama ekari nane za baba zilikuwa na dosari, basi kila mmoja wenu amerithi robo ya dosari hiyo.

Nilipopima shambani nilipata upana wa mita 42 na urefu wa mita 178. Tuanze na urefu, kwa kuwa huko ndiko kuliko na tofauti kubwa zaidi, na ndiko mpwa wako aliponipinga.

Kijana wako alipima mwenyewe kwa tepu, kutoka ua wa barabarani hadi kijito, akapata mita 186. Alifanya kazi nzuri. Nilirudia kwa njia yake nikapata hizo hizo. Lakini yeye na mimi hatukupima kitu kimoja. Yeye alilaza tepu juu ya ardhi, ikashuka nayo mteremko. Mimi nilipima umbali wa mlalo, yaani umbali kama unavyoonekana kwa ndege aliye juu kabisa. Kutoka barabarani hadi kijitoni shamba lako linashuka mita 54. Fikiria nyumba yako: bati la paa ni refu kuliko chumba linachofunika, na bado hakuna anayesema chumba kimeibwa. Kadiri paa linavyosimama ndivyo bati linavyorefuka, wakati chumba kinabaki vile vile. Mita 186 za kijana ni bati. Mita 178 zangu ni chumba.

Huenda ukauliza kwa nini sheria za upimaji zimechagua kipimo kinachompunguzia mkulima wa mlimani. Sababu ni kwamba mashamba lazima yakae pamoja kwenye karatasi iliyo bapa. Tukipima shamba lako kwa kufuata mteremko na la jirani aliye ng'ambo ya kijito vivyo hivyo, tukiyachora yatapandana, maana mabonde hayakunjuki. Isitoshe, nyumba husimama wima na kahawa huota wima. Ukubwa wa shamba, Kenya na kwingineko, ni ukubwa wa mlalo.

Najua pia kwamba wale waliopima zamani ndio walioingiza urefu wa mteremko kwenye ramani, na nitakuonyesha nimejuaje. Ukishuka barabarani, chini ya ua wako wa sasa, ukutani mwa mtaro, kuna mashina ya kayaba ya zamani yaliyokatwa. Nilipima kwa tepu, juu ya ardhi, kutoka kwenye mashina hayo hadi kijitoni, nikapata mita 190. Kisha nikapima urefu wa shamba kwenye ramani ya usajili, ambayo imechorwa kwa kipimo cha moja kwa 2,500, nikapata sentimita 7.6, ambazo ni mita 190. Ramani sahihi ingetoa urefu wa mlalo, ambao ni mfupi zaidi. Kama karatasi na tepu ya mteremko vinasema neno moja, basi mnyororo wa zamani ulilazwa juu ya mteremko na kuchorwa kana kwamba bonde ni uwanja wa mpira. Mita nane za mteremko, zikizidishwa kwa upana wa mita 42, ni mita za mraba 336. Zaidi ya nusu ya kile unachokitafuta kiko hapo, Mwalimu, na hakuna jirani anayeweza kukirudisha.

Sasa upana. Fomu inasema 42.6, mimi nimepata 42 kutoka katikati ya ua hadi katikati ya ua. Sentimita 60 zinasikika kuwa chache, lakini zikivutwa kwa urefu wote wa mita 190 zinakuwa mita za mraba 114. Hapa ndipo penye hatari ya ugomvi, kwa sababu pande zote mbili umepakana na kaka zako.

Kwenye ramani ya kipimo hicho, milimita moja ni mita mbili na nusu ardhini. Sentimita 60 ni robo ya milimita, yaani unene wa mstari wa penseli. Mchoraji akiegemeza rula upande huu au ule wa mstari, tayari amekupa au amekunyima sentimita hizo. Hilo peke yake lingetosha kuwa maelezo, lakini sikutaka kuegemea maelezo yanayowezekana tu. Nilitaka kujua kama ua umehama.

Njia ya kujua ni kutopima shamba moja. Ua ukisogezwa, anachopoteza mmoja hupatikana kwa mwenzake. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya ndugu zako, nilipima vipande vyote vinne. Karatasi inawapa jumla ya mita 170.4, yaani 42.6 mara nne. Ardhini, kutoka ua wa nje wa upande mmoja hadi ua wa nje wa upande mwingine, nilipata mita 168.1. Kila kipande kimepungua karibu sawa na vingine, na hakuna hata kimoja kilichozidi. Kaka yako wa upande wa mashariki, ambaye uliniambia una shaka naye, amepungukiwa sentimita chache zaidi yako. Nyua zenu za ndani zina mashina ya unene mmoja kutoka juu hadi chini, na hazina pengo wala sehemu changa. Ua uliohamishwa hauwi hivyo. Huwa una kipande chenye mashina membamba, au mstari wake hupinda pasipo sababu, au mashina ya zamani hubaki yakichipua upande wa pili.

Nakuomba kwa dhati, Mwalimu, umsomee kaka yako aya hiyo.

Imebaki barabara, na hapa nitasema tofauti. Kwenye ramani barabara hiyo ina upana wa mita tisa. Leo, kutoka ua hadi ua, ina mita 13. Mita nne ni zaidi ya milimita moja na nusu kwenye ramani, na penseli hainenepi kiasi hicho. Ua wa ng'ambo ni wa zamani, mashina yake ni manene kama nyonga ya mtu na hayajasogezwa. Wako ni mchanga. Umepandwa baada ya ule wa zamani kukatwa, na mashina ya ule wa zamani ndiyo hayo niliyoyataja mtaroni, mita nne mbele ya ua wa sasa. Wazee wawili wa hapo juu waliniambia kwamba kila greda ilipokuja kusawazisha barabara ilikula ukingo wa upande wenu, mvua zikaubomoa zaidi, na watu wakarudi nyuma na nyua zao. Mita nne kwa 42 ni mita za mraba 168. Hizo zilikuwa ardhi. Zilikuwa za baba yako, na kwa jinsi ninavyoyasoma mashina na ramani, hazijawahi kutolewa rasmi na mtu yeyote.

Ukijumlisha 336, 114 na 168 utapata 618. Sita zilizobaki ni za kukamilisha nambari tu, pale 8,094 ilipoandikwa 0.81.

Sasa, ufanye nini?

Kuhusu mnunuzi, mwambie ukweli kabla hajaujua kwa njia nyingine. Amekupa bei kwa ekari na anadhani ananunua mbili. Kwa kipimo cha mlalo ananunua ekari 1.85. Mnaweza kupanga upya bei kwa eneo lililopimwa, au, jambo ambalo mimi ningelipendelea, mkubaliane bei moja ya shamba zima kama lilivyo kati ya nyua zake, na mkataba wa mauzo uyataje matokeo ya kipimo hiki na kuambatisha ramani yangu. Sheria haimpi msajili wa ardhi jukumu la kumlipa mtu kwa sababu eneo limepungua au kuzidi katika kipimo cha baadaye. Kati ya muuzaji na mnunuzi, dai la namna hiyo lina muda wa miezi sita tangu uhamisho uliposajiliwa, na baada ya hapo halisikilizwi. Usitegemee miezi sita ipite akiwa hajui. Atapima, na wewe utakuwa na usiku sita wa miezi ya wasiwasi kwa bure.

Kuhusu barabara, usiende mahakamani kwanza, utarudishwa. Kifungu hicho hicho cha 18 kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa na msajili. Andika barua kwa msajili wa ardhi wa kaunti, utaje namba ya shamba, uombe mpaka wa upande wa barabara uamuliwe, na ulipe ada. Atatoa notisi kwa majirani na kwa mamlaka inayosimamia barabara, kisha atakuja shambani na mpimaji wa serikali. Siku hiyo wale wazee wawili wawepo, na yale mashina yasing'olewe. Tafadhali mwambie kijana asisafishe mtaro. Ule mzizi wa kayaba ndio shahidi wako mkuu, na hauna nakala.

Sikuahidi kwamba utarudishiwa mita hizo, kwa sababu barabara inatumika na watu wengi na haitafungwa. Kinachowezekana ni kuandikwa kwamba zilikuwa zako, na hapo suala la fidia liwe na pa kuanzia. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 40, hairuhusu ardhi ya mtu itwaliwe kwa matumizi ya umma bila malipo ya haki.

Ukitaka nambari ya hati yenyewe ibadilishwe ilingane na shamba, kuna njia, nayo ni kuthibitisha mipaka rasmi chini ya kifungu cha 19. Majirani wote hupewa notisi na kusikilizwa, kila kona hupimwa na kuwekewa alama, ramani yake huidhinishwa, na daftari huandikwa kwamba mipaka imethibitishwa. Gharama yake si ndogo. Kwa shamba linalouzwa kwa jumla, sioni kama inakulipa. Mnunuzi akinuia kukata ploti na kujenga, itamfaa yeye.

Nitapita Jumamosi nije tutembee mpaka wote pamoja, nawe ujionee mashina.

Wako katika kazi,
Mpima ardhi wako

Hapo barua inaisha, lakini msomaji wa Mombasa au Nairobi asiichukue nzima na kuipeleka kwa jirani yake. Kila nilichomwambia Mwalimu kinategemea jambo moja: shamba lake liko chini ya mipaka ya jumla, ile ya ua na kijito. Sehemu kubwa ya mashamba ya wenyeji yaliyoandikishwa Kenya tangu miaka ya 1950 iko hivyo. Ploti nyingi za mijini, mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, na sehemu kubwa ya viwanja vya pwani vina mipaka ya aina nyingine. Huko kila kona ina bikoni, chuma kilichosimikwa ndani ya saruji, na kila bikoni ina namba zake za mahali zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu za upimaji. Hati ya namna hiyo huja na ramani yenye urefu wa kila upande na mwelekeo wake. Kwa ploti ya mjini yenye ramani hiyo, tofauti ya asilimia saba isingekuwa na maelezo ya upole. Ingekuwa na maana kwamba bikoni imehamishwa, au imefukiwa na mtu akasimika nyingine pasipofaa, au mwenye ploti amejenga ukuta bila kuitafuta. Huko mpimaji haangalii unene wa mashina. Anachimba.

Kujua uko upande gani si kazi ngumu. Chukua hati uangalie kama inataja ramani ya usajili pekee, namba ya karatasi na hakuna zaidi, au kama imeambatana na ramani ya ploti yenyewe yenye vipimo vya kila upande. Kisha fanya utafutaji rasmi wa daftari katika ofisi ya ardhi, uone kama kuna maandishi kwamba mipaka imethibitishwa. Mashamba mengi yamekatwa na kukatwa tena, na katika kijiji kimoja unaweza kukuta kipande kilichothibitishwa kikipakana na kingine ambacho hakijathibitishwa.

Wanunuzi wa ploti ndogo wana tatizo lao, nalo linanisikitisha kwa sababu huwapata wenye akiba ndogo. Ploti ya futi hamsini kwa mia huuzwa kila siku kwa jina la robo ya nusu ekari, yaani sehemu moja ya nane. Futi hamsini kwa mia ni mita za mraba 464 na nusu. Sehemu ya nane ya ekari ni karibu 506. Mtu anaponunua kwa jina la pili na kupewa kipimo cha kwanza, amepoteza mita 41 hata kama mpimaji amefanya kazi yake kwa usahihi kamili, na barabara ya ndani inayokatwa mbele ya ploti haijahesabiwa bado. Mkataba utaje mita za mraba, na mita hizo ziwe zile zilizo kwenye fomu ya mgawanyo iliyoidhinishwa, si zile za tangazo.

Mwalimu hakungoja Jumamosi. Alimwita kaka yake wa mashariki, wakashuka wote wawili hadi mtaroni, na nilipofika niliwakuta wameshafunga utepe mwekundu kwenye kila shina la zamani, kutoka mwanzo wa shamba lake hadi mwisho wa la kaka yake. Ombi lililokwenda kwa msajili lilikuwa na sahihi nne. Yeye alimuuzia mnunuzi kwa bei ya shamba zima, na mkataba una aya inayosema kwamba haki ya kudai fidia ya ukingo wa barabara inabaki kwa warithi.